Chura wa Kihansi na fangasi iliyozunguka dunia

Juni 2003, watafiti waliokuwa wakihesabu vyura kwenye korongo la Mto Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa huko Tanzania, walikadiria kwamba wapo kama 20,000. Hesabu ya Januari 2004 ilikuta watatu. Wengine wawili hawakuonekana kabisa, walisikika tu wakilia kwenye majani.

Ukimtajia shangazi yangu chura wa Kihansi, hata humalizi sentensi. Atakwambia ndo yule chura aliyetaka kutunyima umeme. Wengi wa rika la wazazi wetu wanamkumbuka hivyo: miaka ile umeme unakatika kila siku, halafu wazungu wanakuja kusema mtambo upunguze maji kwa sababu ya chura mdogo kuliko kidole. Na upande wa pili, ukisoma habari zilizoandikwa huku nje, utakuta hadithi imegeuzwa: Tanzania ilijenga bwawa, bwawa likaua chura. Mimi naona zote mbili ni nusu hadithi. Nusu iliyobaki haikuanzia Tanzania, na ili kuielewa itabidi tuzunguke kidogo, tupite Australia, Panama na maabara moja Marekani, halafu turudi korongoni.

Kwanza mjue mwenyewe. Chura wa Kihansi ni wa rangi ya njano inayoelekea dhahabu, na akikua kabisa hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai majini kama vyura mnaowajua. Jike anazaa watoto walio hai, kila mmoja tayari ni chura kamili mwenye miguu minne, wadogo kiasi kwamba wawili watatu wanaenea kwenye ukucha wako. Duniani kote aliishi sehemu moja tu: chini ya maporomoko ya Kihansi, kwenye vipande vya majani na kuvumwani vinavyoloweshwa na manyunyu ya maji yanayoanguka. Ukivijumlisha vipande hivyo vyote unapata kama hekta mbili, yaani viwanja vichache vya mpira. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme juu ya maporomoko ulikuwa umeshaanza.

Mtambo ulipokamilika mwaka 2000, ukiwa na uwezo wa megawati 180, sehemu kubwa sana ya maji ya mto iligeuzwa kuingia kwenye handaki la mitambo. Manyunyu yakakatika na vyura wakapungua vibaya. Hapo ndipo yakafanyika mambo mawili. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa wakapelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Na kule korongoni yakatandazwa mabomba yenye vichwa vya kunyunyizia, yakileta maji kutoka juu na kuyarusha kama ukungu, kuiga kazi ya maporomoko. Watu walicheka, chura kuwekewa shawa! Lakini mabomba yalifanya kazi. Majani yakarudi, vyura wakaongezeka, hadi tukafika ile hesabu ya Juni 2003.

Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: kama bwawa ndilo lililowaua, mbona walikufa baada ya kupona?

Vyura waliopotea bila kelele

Mwaka 1989 wataalamu wa vyura, nyoka na mijusi kutoka dunia nzima walikutana Canterbury, Uingereza, kwa mkutano wao mkuu wa kwanza. Wakati wa chai na kwenye korido wakaanza kusimuliana, na kila mmoja alikuwa na kisa kinachofanana na cha mwenzake. Nilienda msimu huu mahali ninapofanyia utafiti, sikukuta vyura. Mwanzoni kila mtu alidhani ni bahati mbaya yake peke yake.

Kisa kilichosumbua zaidi kilitoka msitu wa Monteverde, Costa Rica. Palikuwa na chura wa rangi ya dhahabu iliyowaka, aliyetoka ardhini wiki chache tu kwa mwaka kuja kuzaliana kwenye vidimbwi. Mwaka 1987 mtafiti Martha Crump aliwaona zaidi ya 1,500. Mwaka 1989 alionekana mmoja. Baada ya hapo, hakuna tena hadi leo. Sasa angalia: Monteverde ni hifadhi. Hakuna aliyekata mti, hakuna aliyejenga barabara wala aliyemwaga sumu. Tulizoea kwamba mnyama akipotea unamtafuta mtu mwenye shoka. Hapa hapakuwa na shoka.

Australia nako kulikuwa na mambo ya ajabu. Katika milima ya Queensland aliishi chura ambaye mama alimeza mayai yake, watoto wakakulia tumboni, halafu akawatapika wakiwa vyura kamili. Wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Kufikia 1981 alikuwa ameshatoweka porini, kabla hata hawajamaliza kuuliza tumbo lile lilizimaje tindikali yake. Miaka iliyofuata, spishi nyingine za vijito vya milimani zikaanza kupotea, msitu baada ya msitu, zikielekea kaskazini. Mwaka 1996 watafiti watatu wa huko, Laurance, McDonald na Speare, waliandika wazi kwamba mwendo huu unafanana na mwendo wa ugonjwa wa kuambukiza unaosafiri. Wengi hawakukubali. Ugonjwa gani unaua spishi nzima, tena nyingi kwa pamoja? Vitabu vilifundisha kwamba ugonjwa ukishapunguza wagonjwa, unakosa wa kumwambukiza, unazimika wenyewe.

Jibu lilipatikana kutoka pande mbili karibu kwa wakati mmoja. Kule Australia, daktari wa mifugo kijana, Lee Berger, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, aliangalia ngozi za vyura waliokufa kwa hadubini akaona vijiumbe vya mviringo ndani ya tabaka la juu la ngozi. Alichukua vikwaruzo vya ngozi za wagonjwa akawawekea vyura wazima waliofugwa, nao wakafa. Wakati huohuo, bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington ilikuwa inapoteza vyura wake wa bluu, wale wa Amerika Kusini wenye sumu, na madaktari wake wakaona vitu vilevile kwenye ngozi. Walituma picha kwa Joyce Longcore wa Chuo Kikuu cha Maine, mtaalamu wa kundi la fangasi wa majini liitwalo kitridi. Fangasi hawa walijulikana zaidi kama wasafishaji, wanaokula chavua na mabaki ya mimea kwenye madimbwi. Hakuna aliyewahi kuwaona wakimshambulia mnyama mwenye uti wa mgongo. Longcore alifanikiwa kuiotesha kwenye maabara kutoka kwa chura mmoja wa bluu, na mwaka 1999 ikapewa jina. Jina lenyewe la kisayansi linachosha ulimi, hata wao huliita Bd kwa kifupi, nasi tufanye hivyohivyo.

Mwaka 1998, Berger na wenzake wa Australia na Amerika walikuwa wameshachapisha pamoja: fangasi ileile ilikuwa kwenye ngozi za vyura waliokufa Queensland na waliokufa Panama. Bahari nzima ya Pasifiki iko katikati.

Kufa kwa ngozi

Kwetu ngozi ni kama ukuta. Kwa chura, ngozi ni mdomo wake, ni sehemu ya mapafu yake na ni sehemu ya figo zake. Chura hanywi maji kwa kinywa, anayanywa kwa kuyakalia. Hewa inapita hapo, na chumvi za damu, hasa sodiamu na potasiamu, hudhibitiwa hapohapo.

Bd inasafiri majini kama kimbegu kidogo chenye mkia mmoja. Kinaogelea umbali mfupi tu, kinajishikiza kwenye ngozi, kinajichimbia ndani ya seli zenye keratini, ile protini ya kucha na nywele zetu. Humo kinakua na kuwa kifuko, na baada ya siku nne tano hivi kifuko kinapasuka upande wa nje na kuachia vimbegu vingine. Baadhi vinaenda majini kutafuta chura mwingine. Vingine vinageuka na kumrudia huyuhuyu. Hivyo mzigo unaongezeka kila mzunguko, na ngozi inaongezeka unene mahali isipotakiwa na kubambuka.

Mwaka 2009 Jamie Voyles na wenzake walionyesha hatua ya mwisho ilivyo. Walipima damu ya vyura wagonjwa wakakuta sodiamu na potasiamu zimeshuka sana kwa sababu ngozi haiwezi tena kuzirudisha. Moyo unahitaji chumvi hizo ili upige, na ulipozikosa ulisimama. Wagonjwa waliopewa chumvi hizo walipata nafuu kidogo na kuishi muda mrefu zaidi, ingawa hawakupona. Kwa nje chura huyo anaonekana mzembe tu: anakaa mchana mahali pa wazi, miguu ameinyoosha, ukimgeuza chali hajigeuzi.

Kuna mambo mawili yanayoifanya fangasi hii isizimike kama vitabu vilivyotabiri. La kwanza ni viluwiluwi. Viluwiluwi wana keratini mdomoni tu, kwa hiyo wanaambukizwa bila kufa, wanaishi nayo kijitoni kwa miezi, halafu wanapogeuka vyura na kuota ngozi kamili ndipo inawamaliza. La pili ni kwamba si kila spishi inaumwa. Wapo wanaoibeba bila shida yoyote. Wagonjwa wanaweza kwisha wote na bado fangasi ikabaki inaishi kwa jirani. Halafu inapenda ubaridi. Inastawi kati ya nyuzi 17 na 25 hivi, na ikipita karibu 30 inaanza kufa. Ndiyo maana waliopotea zaidi ni vyura wa milimani, kwenye vijito baridi na misitu ya ukungu. Zingatia hilo tukirudi Kihansi.

El Copé, pale walipoisubiri

Mtafiti Karen Lips alikuwa ameona vyura wakiisha Costa Rica mwanzoni mwa miaka ya 1990, halafu Fortuna, magharibi mwa Panama, mwaka 1996 na 1997, ambako alikuta maiti kijitoni. Akichora vituo hivyo kwenye ramani aliona mstari unaoelekea mashariki. Basi akaamua kuutangulia. Alichagua El Copé, mbele ya mstari, ambako msitu ulikuwa bado mzima, akaanza kuhesabu na kupima ngozi za vyura mapema, miaka kadhaa kabla ya lolote kutokea.

Nadhani hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kisa hiki. Unaenda kila msimu mahali unapopapenda, unaandika majina ya walio hai, na unajua unaandika orodha ya msiba.

Vyura wote waliopimwa walikuwa safi hadi Septemba 2004, alipopatikana wa kwanza mwenye Bd. Mwanzoni mwa Oktoba wakaanza kuokota maiti, na ndani ya miezi minne hivi zaidi ya nusu ya vyura wa eneo lile walikuwa wamekwisha. Maiti zilikuwa za familia nane tofauti, za vyura na salamanda. Baadaye, walipolinganisha na vinasaba vilivyokusanywa kabla, walihesabu spishi 30 kati ya 74 zilizopotea hapo El Copé. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba Bd ni mdudu wa kawaida anayemalizia tu vyura waliokwishadhoofishwa na kitu kingine. Msitu ulikuwa mzima, ikaingia, wakafa.

Ilitoka wapi basi?

Hapa Afrika iliingizwa kwenye kesi. Kuna chura wa majini wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni. Miaka ya 1930 iligunduliwa kwamba ukimdunga sindano ya mkojo wa mwanamke mwenye mimba, chura jike anataga mayai ndani ya saa chache. Ndicho kilikuwa kipimo cha mimba hospitalini, kabla ya vile vijiti vya dukani. Vyura hao walisafirishwa kwa maelfu kutoka Afrika Kusini kwenda Ulaya, Amerika na kwingineko. Wengine walitoroka au waliachiwa, na wapo waliowahi kuishi na kuzaana porini Welisi. Mwaka 2004 Ché Weldon na wenzake walipima vyura wa zamani waliohifadhiwa makumbusho, wakakuta Bd kwa mmoja wa mwaka 1938. Chura mwenyewe haumwi nayo. Basi ikasemwa imetoka Afrika.

Ilikuwa dhana ya maana kwa ushahidi uliokuwepo, siwalaumu. Lakini mwaka 2018 kundi kubwa la watafiti lilisoma jenomu za Bd kutoka mabara mengi na kutafuta zenye utofauti mwingi zaidi, kwa sababu kitu kikikaa mahali muda mrefu ndipo kinapojigawa katika aina nyingi. Zilipatikana Rasi ya Korea. Vyura wa huko wanaishi nayo vizuri. Aina ile inayoua ilionekana kuanza kutapakaa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati binadamu walipoanza kusafirisha viumbe hai kuvuka bahari kwa wingi: kwa maabara, kwa kula na kwa kufuga nyumbani. Kwa hiyo chura wa kipimo cha mimba huenda alikuwa mmoja wa wabebaji, lakini hakuwa chanzo.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilitaja spishi 501 zilizopungua kwa sababu ya fangasi hizi, na 90 kati yake zinadhaniwa zimetoweka moja kwa moja. Amerika ya Kati na ya Kusini pamoja na Australia ndizo zilizoumia zaidi. Kwa Afrika visa vilivyothibitika ni vichache, na kinachojulikana kuliko vyote ni cha Kihansi.

Kurudi korongoni

Vyura waliokufa Kihansi mwaka 2003 walipopimwa, walikuwa na Bd. Waliokusanywa kabla ya hapo na kuhifadhiwa walipopimwa, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Ushahidi wenyewe ndio huo, na unaeleweka bila hesabu ngumu. Washukiwa wengine walikuwepo. Mwaka huohuo tope la bwawani lilifunguliwa likashuka mtoni, na watu walishuku dawa za mashambani zilizokuwa ndani yake. Lakini watafiti walioirudia kesi hiyo na kuichapisha mwaka 2020, Weldon akiwa mmoja wao, walihitimisha kwamba fangasi peke yake ilitosha kuwamaliza.

Na ukifikiria, mazingira yao yalikuwa karibu kama yametengenezewa Bd. Ni baridi na mbichi mwaka mzima, jua halikauki chochote. Vyura maelfu wamebanana kwenye hekta mbili, wanakanyagana. Hawana pengine pa kwenda, kwa hiyo hakuna kundi la pili mlima wa jirani la kuja kujaza nafasi. Na bwawa halitoki safi katika kesi hii. Likiacha eneo limepungua na vyura wamesongamana kwenye vipande vinavyofikiwa na mabomba, linakuwa limeiandalia fangasi meza. Ila aliyekula si bwawa. Kwa hiyo shangazi yangu na wale waandishi wa huku nje wanaweza kuendelea kubishana, wote wanamgombania mshtakiwa mmoja.

Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Waliobaki duniani walikuwa wale wa Amerika, na hata huko nusura waishe. Kati ya wale 499 na watoto wao wengi walikufa miaka ya mwanzo, kwa minyoo, maradhi na chakula kisichofaa, hadi wakabaki chini ya mia. Wafugaji wa Bronx na Toledo, Ohio, walijifunza polepole: taa gani, unyevu kiasi gani, wadudu wa ukubwa gani kwa mdomo mdogo hivyo. Wakaongezeka hadi maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 waliozaliwa Marekani walipandishwa ndege kurudi Dar es Salaam, kwenye jengo maalumu Chuo Kikuu. (Ndiyo, najua mnachofikiria. Vyura wa kizazi cha pili na cha tatu, hawajawahi kuona kwao, wanarudishwa. Nimeshaufanya utani huo nyumbani, haukuchekesha mara ya tatu.) Mwaka 2012 kundi dogo la majaribio lilirudishwa korongoni, na mwaka uliofuata wakafuata wengine wengi zaidi.

Tatizo ni kwamba fangasi haikuondoka. Baada ya 2003 ilipatikana kwa vyura wengine wa korongo lile na wa milima ya Udzungwa jirani, wale wanaoibeba bila kufa. Kwenye chupa ya maabara unaweza kuiua kwa joto, na chura mmoja mgonjwa unaweza kumwogesha kwa dawa ya fangasi kila siku hadi apone. Msitu huwezi kuuogesha. Kwa hiyo vyura wanaachiwa mahali ambapo kilichowaua bibi zao bado kipo majini. Mabomba yanaendelea kunyunyiza, na akiba ya vyura inafugwa bado Bronx na Toledo.